Notsi za usaili: andika alichosema, sio ulichomdhania

*"Habari mtaalamu. Tulifanya usaili wa watu 6 kwa nafasi moja, tukachukua mmoja. Sasa mmoja wa waliokosa ameandika barua anataka ajue kwa nini hakuchukuliwa, anadai tumemnyima kwa sababu zisizo za kazi. Nimefungua faili nikakuta notsi zetu ni maneno kama 'sio mtu wetu', 'hajiamini', 'yuko poa ila...'. Bosi ananiambia nizipange upya zisomeke vizuri kabla hatujajibu. Nifanyeje, na siku nyingine tuandikeje?"*

Mkuu, naanza na hilo la bosi maana ndio la haraka. Usizipange upya. Usifute neno, usiongeze neno, usichape upya halafu ukachana ya mkono. Najua zinatia aibu, ila notsi mbovu ni tatizo dogo ukilinganisha na notsi zilizotengenezwa baada ya barua kufika, na kugundulika ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Faili la kompyuta linabeba tarehe ya mara ya mwisho kuguswa, mpaneli mwenzako ana kopi yake kwenye simu, mwingine alishapiga picha fomu akaituma kwenye grupu la watsapu la paneli. Ikigundulika hata mara moja tu, basi hata zile sehemu ambazo mlikuwa wakweli haziaminiki tena, na sababu yenu halali ya kumchukua yule mwingine inazama nazo.

Unachoweza kufanya kihalali ni hiki: kila mpaneli achukue karatasi mpya, aandike juu kabisa tarehe ya leo na maneno "haya ni ninayoyakumbuka, nimeyaandika baada ya kupokea malalamiko", kisha aandike anachokumbuka kweli kuhusu majibu ya yule mtu, mpaka swali gani alijibu nini. Kila mtu peke yake, msikae pamoja mkalinganisha. Karatasi hiyo ina uzito mdogo kuliko notsi za siku ile, lakini ni ya kweli na haijifanyi kitu isichokuwa.

Sasa kwa nini notsi zenu hazijibu barua. Sio kwamba ni fupi, notsi fupi wala sio shida. Shida ni kwamba zote ni hukumu, ushahidi haumo. "Hajiamini" ni kitu ulichokiona wewe kichwani kwako, yeye hakukisema. Mimi natumia kipimo kimoja tu, nampa mtu ambaye hakuwepo chumbani asome mstari mmoja halafu namuuliza, mwombaji alisema nini au alifanya nini? Akishindwa kuniambia, mstari ule hautusaidii kitu. "Hajiamini" unafeli hapo hapo. "Swali la 3 nililirudia mara 2, akasema 'hilo sijawahi kulifanya', hakutoa mfano" unapita, na angalia kwamba ni mstari mkali zaidi kwa mwombaji kuliko ule wa kwanza, ila huu unaweza kuutetea mbele ya yeyote na mwenyewe akiusoma atakumbuka kwamba kweli alisema hivyo. Na "sio mtu wetu" ndio hatari kuliko yote, kwa sababu mlalamikaji atauliza swali moja tu: "wenu" ni watu gani? Hapo kila mtu atajaza anachotaka, kabila, dini, umri, jinsia, na wewe huna cha kumzuia maana mwenyewe uliacha tupu.

Kazi kubwa ya notsi nzuri inafanyika kabla mwombaji hajaingia. Chukua tangazo la kazi, toa humo mambo 4 au 5 ambayo kazi haiendi bila hayo, kila jambo lipe swali lake, na waombaji wote waulizwe maswali hayo hayo kwa mpangilio huo huo. Halafu, na hapa ndipo wengi wanaruka, andika kabla ya usaili jibu la maksi ngapi linafananaje. Ukiacha tu "maksi 1 mpaka 5" bila maelezo, 3 ya mpaneli mmoja ni 4 ya mwenzake, na ukiulizwa kwa nini huyu ana 2 utabaki unasema niliona tu inafaa 2.

Chukua nafasi ya msimamizi wa stoo. Swali: "Tuambie siku moja ambayo mzigo uliokuwepo stoo haukulingana na kitabu. Ulifanya nini?" Maelezo ya maksi yanaweza kuwa hivi: 1 ni hana mfano wowote au hajaelewa tatizo. 2, aliona tofauti lakini alirekebisha kitabu tu, chanzo hakukitafuta. 3, alihesabu upya na akatoa taarifa kwa mkubwa wake. 4, alihesabu upya, akafuatilia karatasi mpaka akajua tofauti ilitokea wapi. 5, alifanya ya 4 na akabadilisha utaratibu isijirudie. Ni mistari mitano, haichukui hata dakika kumi kuandika, na ndiyo itakayokuokoa, maana ukishaandika alichosema mtu maksi inajitokeza karibu yenyewe.

Ukiingia chumbani mwambie mwombaji mapema kwamba mtakuwa mnaandika, asidhani mnachora. Gawaneni, mmoja akiuliza mwingine ndiye anaandika kwa kina, swali linalofuata mnabadilishana, kwa sababu huwezi kuuliza, kusikiliza na kuandika vyote kwa pamoja na ukajidanganya kwamba umesikia. Usijaribu kuandika kila neno, tafuta vitu vitatu: alifanya nini yeye mwenyewe, namba au muda alioutaja, na yale maneno mawili matatu yanayobeba jibu, haya yaweke kwenye alama za kunukuu yakiwa kama yalivyotoka mdomoni. Angalia sana "mimi" na "sisi". Mtu akisema "tulifuatilia", muulize wewe binafsi ulifanya lipi, na uandike kwamba umemuuliza. Hilo la kuandika maswali yako ya nyongeza watu hawalifanyi kabisa, lakini kama mwombaji wa pili ulimsukuma mara tatu mpaka akatoa mfano na wa tano ukamwacha na jibu la kwanza, huo sio usaili mmoja, na bila kuandika hutaujua hata wewe mwenyewe. Usipopata jibu usiache nafasi tupu, andika "hakutaja". Nafasi tupu baadaye inasomeka kama hamkumuuliza.

Vitu vya kuacha nje ya karatasi: sura, nguo, lafudhi, anatokea wapi, ndoa, watoto, ujauzito, dini, umri. Hata kama nia yako ni kumkumbuka tu, maana watu huwa wanaandika "yule mama mfupi" ili wasichanganye majina, wape waombaji namba, yaishe. Na mwombaji mwenyewe akijisemea kwamba ana mtoto mchanga nyumbani, msikilize kwa heshima, kalamu iache mezani, rudi kwenye swali. Ila akisema anahitaji kitu ili aweze kufanya usaili au kazi, kwa mfano haoni maandishi madogo, hilo linaandikwa kwenye karatasi tofauti inayokwenda kwa afisa utumishi, haliingii kwenye fomu ya maksi.

Akitoka, msiongee. Nasisitiza hili kwa sababu ndio ugonjwa wa paneli nyingi, mlango haujafungwa vizuri mkubwa wa paneli keshasema "huyu bure kabisa", na maksi za wote zinamfuata yeye. Mwombaji mmoja na mwingine waachanishe kwa dakika 15, dakika za mwanzo kila mtu ajaze notsi zake ambazo bado zimo kichwani, atoe maksi kwa kuangalia yale maelezo, asaini, aweke tarehe na saa. Ndipo mjadili. Kwenye majadiliano maksi inaruhusiwa kubadilika, hakuna dhambi hapo, mwenzako anaweza kuwa amesikia kitu wewe ulikuwa unaandika. Lakini ya zamani ipige mstari mmoja isomeke bado, andika mpya pembeni na sababu: "3 badala ya 2, mwenzangu ameandika kwamba alitoa taarifa kwa meneja siku hiyo hiyo, mimi sikusikia." Maksi iliyofutwa kwa wino mweupe inaulizwa maswali, yenye mstari na sababu haiulizwi.

Nikupe kesi niliyoishughulikia mwenyewe, jina la kampuni naliacha. Nafasi ilikuwa hiyo hiyo ya msimamizi wa stoo, wapaneli 3, maswali 4, kila swali maksi 5, kwa hiyo kila mpaneli ana 20 na jumla ni 60. Aliyechukuliwa alipata 17, 15 na 16, jumla 48. Aliyefuata alipata 14, 15 na 13, jumla 42. Huyu wa pili alikuwa mtu mzima mwenye miaka mingi kwenye kazi kumzidi yule mwingine, wiki kadhaa baadaye akaandika kwamba amenyimwa kwa sababu ya umri. Na ukiangalia wasifu wa wawili hawa peke yake, unamwelewa, karatasi yake ilikuwa nzito zaidi.

Tukaenda kwenye fomu. Tofauti ya maksi 6, na 5 kati ya hizo zilitoka kwenye lile swali moja la mzigo kutolingana na kitabu. Aliyechukuliwa, notsi zilisema: "Alisimamisha kutoa mzigo. Alihesabu upya na mtu wa pili. Alirudi kwenye hati za kupokelea mzigo za wiki 2, akakuta katoni 12 'zimeingizwa mara mbili'. Kuzuia isirudi: hakutaja." Wapaneli wote watatu walimpa 4, na unaona kabisa kwa nini sio 5. Mlalamikaji, notsi zilisema: "'Tulikuwa tunarekebisha kitabu kilingane na mzigo.' Nikamuuliza chanzo mlikipataje, akasema 'inategemea, mara nyingi ni makosa ya kuandika tu'. Nikamuuliza tena yeye binafsi alifanya nini, akarudia kurekebisha kitabu." Wakampa 2, 3 na 2. Yule aliyempa 3 hakuwa amesikia tofauti, aliandika kwamba mtu huyu alitaja kumwambia bosi wake, akahesabu hilo. Sawa, ndio maana mko watatu.

Hapo tulikuwa na jibu la kueleweka. Miaka mingi kazini haikuwa kigezo, kigezo kilikuwa unafanyaje hesabu zikikataa, na kigezo hicho kiliandikwa kabla waombaji hawajaingia, tarehe ipo.

Lakini fomu ya mpaneli wa pili, pembeni kabisa kwa maandishi madogo, ilikuwa na mstari: "ataweza kujifunza mfumo mpya umri huu?" Kwa mlalamikaji peke yake. Kompyuta haikuwa kwenye vigezo, hakuna mwombaji yeyote aliyeulizwa. Mstari mmoja huo, aliouandika pengine akiwaza tu, ulikuwa sawasawa na kitu ambacho mlalamikaji alikuwa anadai. Meneja akataka tutoe kopi bila ule ukurasa. Nilikataa, na sio kwa sababu mimi ni mtakatifu, ni kwamba nchi nyingi siku hizi zina sheria ya taarifa binafsi inayompa mtu haki ya kuomba kuona kilichoandikwa kumhusu, na ukurasa uliokosekana katikati ya kurasa zenye namba unapiga kelele wenyewe.

Tukafanya hesabu badala yake. Mpaneli wa pili ndiye alimpa mlalamikaji maksi za juu kuliko wenzake, 15, sawa na alizompa aliyechukuliwa. Ukiitoa fomu yake yote mezani inabaki 33 kwa 27, tofauti ni ile ile 6. Kwa hiyo mstari ule haukusukuma matokeo, na tuliweza kulionyesha hilo kwa namba. Lakini tuliweza tu kwa sababu maksi zilitolewa kila mtu peke yake kabla ya kuongea. Kama wangejadili kwanza halafu wajaze maksi moja ya pamoja, nani angeweza kusema wazo la mmoja halikuwaingia wengine? Kampuni ikamwandikia mlalamikaji, ikamweleza swali lile na majibu yake, ikamwomba radhi kwa mstari ule bila kujitetea. Hakufurahi, na alikuwa na haki ya kutofurahi, ila hakuendelea na malalamiko.

Ujue pia notsi haziwezi kutibu kila kitu. Kama swali lenyewe lilikuwa la upendeleo, au mlimwita mmoja dakika 50 na mwingine 20, notsi nzuri zitaonyesha tu ubaya huo kwa usafi zaidi. Dalili moja ya kuangalia ukikagua mafaili ni notsi za mshindi kuwa ndefu na za walioshindwa mistari miwili miwili. Hiyo maana yake watu waliamua mapema, wakaacha kusikiliza.

Siku hiyo hiyo ya uamuzi mwenyekiti wa paneli aandike aya moja: nani kachaguliwa, vigezo gani vilimpandisha, na kila aliyekosa alikosa kwenye lipi. Aya moja tu, ikitaja namba za maswali. Faida yake ni kwamba sababu inafungwa tarehe ile. Kampuni nyingi zinaangukia kwenye sababu zinazohama, kwenye simu mwombaji aliambiwa ni uzoefu, kwenye barua ikawa mtazamo, mbele ya msuluhishi ikawa mshahara aliotaka, na hata kama zote tatu zina ukweli ndani yake, anayesikiliza ataona ya kweli ni ya nne ambayo hamjaitaja.

Kuhifadhi: angalia sheria ya kwenu inampa mtu muda gani kulalamika, weka juu yake miezi kadhaa ya ziada, muda huo uwe mmoja kwa faili zote, ukifika mnaharibu zote na mnaandika kwamba mmeharibu. Malalamiko yakishaingia, kuharibu kunasimama mara moja kwa kila kitu kinachohusu usaili ule. Na kila kitu ni pamoja na lile grupu la watsapu, na ndio maana nawaambia watu grupu la paneli liwe la kupanga saa na chumba tu. Nimeona fomu safi kabisa zikiangushwa na ujumbe wa saa nne usiku wenye emoji ya kucheka.

Turudi kwenye barua yako. Soma notsi za huyo mlalamikaji na za aliyechukuliwa, halafu tafuta kitu kimoja au viwili ambavyo vinaonekana nje ya notsi pia, mfano cheti kilichotakiwa kwenye tangazo, jaribio la vitendo kama mlifanya, jibu ambalo wapaneli wawili wanalikumbuka kila mmoja kwenye karatasi yake. Hivyo ndivyo vya kujibia, basi. Usiandike "hukuwa bora" na usimtungie sababu iliyopangika kuliko mlivyokuwa. Kama mkikuta kweli hakuna kitu zaidi ya "sio mtu wetu", barua isitoke kwanza, mpelekee mwanasheria wa kazi faili lote kama lilivyo, na umpe na ile kauli ya bosi ya kupanga upya, asije akaisikia kwa mtu mwingine.